Ile 1,680 kwa peslipu ya kijana wa dadangu ilienda wapi

Mwisho wa Mei 2025, Ijumaa jioni nikitoka kazini hapa Nakuru, simu ikalia, meseji ya WhatsApp kutoka kwa kijana wa dadangu. Picha ya peslipu yake ya kwanza, na chini yake ameandika tu "Anti hawa watu wamenikata 3,152 mbona". Alikuwa amemaliza mwezi mmoja kwa kiwanda kimoja huku Industrial Area, stoo, kazi ya kuandika mizigo inayoingia na inayotoka. Walimwambia mshahara ni 28,000 na yeye akawa amepanga 28,000 yote, ya nyumba Kaptembwo, ya chakula, ya kumtumia mamake huko Mumias. Sasa kwa akaunti iliingia 24,847.50.

Mimi nimefanya kazi ya kuandaa mishahara miaka mingi, si kwa hiyo kampuni yake, kwingine, na hii picha nimeiona mara nyingi sana, watoto wanaanza kazi na hakuna mtu amewahi kukaa nao chini na peslipu. Nikamwambia asipigie mtu yeyote simu, asigombane na karani, aje Jumapili tuisome mstari kwa mstari. Naandika hiki kisa chote venye kilienda kwa sababu kilikuwa na mizunguko mitatu, na kwa kila mzunguko kijana alikuwa na sababu nzuri ya kuingiwa na wasiwasi, na ule wa katikati hata mimi ulinifanya nikae nifikirie.

Jumapili hiyo ilikuwa Madaraka. Alikuja mapema, tukakunywa chai, nikaweka peslipu mezani na kikokotoo cha simu.

Kwa upande wa makato kulikuwa na NSSF Tier I 480, NSSF Tier II 1,200, SHIF 770, AHL 420 na PAYE 282.50. Yeye alikuwa ameziita zote "tax". Hapo ndipo nikaona tuanze, kwa sababu hizo si kitu kimoja. PAYE ndiyo kodi ya mapato, inaenda KRA. SHIF ni ya matibabu, asilimia 2.75 ya mshahara wote, ukiugua inasaidia kulipa hospitali lakini huwezi kurudi siku moja useme nirudishieni ile yangu ya 2025. AHL ni ya nyumba, asilimia 1.5, na mwajiri anaongeza 1.5 yake, na hiyo pia haikai kwa jina lako. Lakini hizo mbili za NSSF, ule mfuko wa pesa ya uzeeni, 480 na 1,200, jumla 1,680, hizo zinawekwa kwa akaunti yenye jina lake na nambari yake, na siku ikifika zinalipwa yeye ama watu wake. Kwa hiyo katika zile 3,152.50 alizoniandikia, zaidi ya nusu ilikuwa bado ni pesa yake, imehamishwa tu mahali hawezi kuigusa leo.

Akauliza swali zuri, mbona ziko mbili kama ni kitu kimoja. Hapa ndipo watu wengi hupotelea na nilimweleza polepole hivi. Sheria inakata asilimia 6 ya mshahara. Lakini inagawanya mshahara vipande viwili. Kwa hiyo 2025, kuanzia Februari, kipande cha kwanza kilikuwa shilingi 8,000 za kwanza, na asilimia 6 yake ni 480, hiyo ndiyo Tier I. Kila mtu aliyepata zaidi ya 8,000 alikuwa anakatwa 480, awe mlinzi ama meneja. Kipande cha pili kilikuwa kile kinachobaki juu ya 8,000 hadi kikomo cha 72,000. Yeye ana 28,000, ukitoa 8,000 inabaki 20,000, asilimia 6 yake ni 1,200. Hiyo ndiyo Tier II. Jumlisha, 1,680, ambayo ni asilimia 6 ya 28,000 kamili, hakuna shilingi imeongezwa. Akapiga mwenyewe kwa simu mara mbili, ikatoka sawa, nikaona mabega yameshuka kidogo.

Alafu nikamwonyesha kitu ambacho hakikuwa kwa hiyo karatasi. Mwajiri wake pia anatoa 1,680 ingine, kutoka mfuko wake, si kutoka mshahara wa kijana. Peslipu zingine zinaonyesha hiyo sehemu ya mwajiri pale chini, yake haikuonyesha, na ndio maana hakujua. Kwa hiyo kila mwezi zinafaa kuingia 3,360 kwa jina lake. Mwaka mmoja ni 40,320 kabla hata ya faida yoyote.

Na kuna lingine la PAYE ambalo watu hawalioni. Mchango wa NSSF hutolewa kabla ya kodi kupigwa. Toka mwisho wa Desemba 2024 SHIF na AHL pia zinatolewa kwanza. Sasa kwa huyu kijana, 28,000 ukitoa 1,680, 770 na 420 inabaki 25,130, na kodi inapigwa kwa hiyo. Elfu 24 za kwanza zinatozwa asilimia 10 ambayo ni 2,400, na kwa bahati nzuri nafuu ambayo kila mtu hupewa ni 2,400 pia, zinafutana. Inabaki 1,130 inatozwa asilimia 25, ndiyo hiyo 282.50. Kama asingekatwa NSSF kabisa, kodi ingekuwa 702.50. Tofauti ni 420. Maana yake, kuweka 1,680 kwa akaunti yake kulimpunguzia mkononi 1,260 tu, hiyo ingine ingeenda kwa kodi. Hii hesabu nilirudia mara tatu juu alikuwa anaitilia shaka, na nafikiri ni vizuri kuitilia shaka hadi uifanye mwenyewe.

Kabla aondoke akampigia babake. Mzee alistaafu kazi ya kampuni ya sukari 2019, na akasema jambo ambalo lilimchanganya kijana upya. "Mimi miaka yote nilikuwa nakatwa mia mbili. Mia mbili! Hiyo elfu moja na mia sita ni ya nini?" Na mzee hakuwa anadanganya. Kwa sheria ya zamani mfanyakazi alikatwa 200 na mwajiri akaongeza 200, basi, hata kama unapata laki moja. Sheria mpya ilipitishwa 2013 lakini ikakaa kortini miaka karibu tisa, na ndio ikaanza kukatwa Februari 2023 baada ya Mahakama ya Rufaa kuamua. Na haikuanza yote mara moja, vikomo vilipangwa kupanda kila Februari. 2023 kikomo cha juu kilikuwa 18,000, 2024 kikawa 36,000, 2025 ndio 72,000. Nikachukua simu nikamwambia mzee, shemeji, hebu tufanye hesabu, wewe na mwajiri wako mlikuwa mnaweka 400 kwa mwezi, mwaka ni 4,800, miaka kumi ni 48,000 kabla ya riba. Kijana wako kwa mwaka mmoja anakaribia hapo. Mzee akanyamaza kidogo alafu akasema, "Kumbe ndio maana yangu ilitoka kidogo hivyo." Ile sauti yake sijaisahau. Alifanya kazi tangu ujana wake, na alichopata NSSF alinunua ng'ombe na mabati ikaisha.

Sasa mzunguko wa pili. Kabla aondoke siku hiyo nilikuwa pia nimemwonyesha venye mtu anaangalia akaunti yake ya NSSF, unaweza kupiga *303# kwa simu ama uingie kwa tovuti yao na nambari yako. Na kosa lilikuwa langu hapo, sikumwambia angoje. Jumatatu asubuhi akaangalia, sifuri. Hakuna kitu. Akanipigia kama mtu amekimbia, "Anti hawajaweka, wamenikata na hawajaweka."

Hii ni lazima mtu ajue kabla ya kuwasha moto kazini. Mwajiri anakata mwisho wa mwezi lakini ana hadi tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupeleka. Pesa ya Mei inafaa kufika kufikia tarehe 9 Juni, na hata ikifika inaweza kuchukua siku kadhaa kuonekana kwa akaunti ya mtu mmoja mmoja, juu mwajiri anatuma pesa moja kubwa pamoja na orodha ya majina, nambari za NSSF na kiasi cha kila mtu, na ile orodha ndiyo inagawanya. Nikamwambia asiangalie tena hadi tarehe 20. Alitii, ingawa najua ilimuuma.

Tarehe 20 akaangalia. Sasa kulikuwa na kitu. Lakini haikuwa 3,360. Ilikuwa 960.

Huu ndio mzunguko ulionifanya nikae chini. Kwanza nikafikiri nambari imeandikwa vibaya, hiyo hutokea, karani akibadilisha tarakimu mbili pesa yako inaenda kwa mtu mwingine ama inakaa bila mwenyewe. Lakini nambari ikiwa mbaya hupati kitu chochote, huwezi kupata sehemu. Tukaangalia nambari kwa peslipu na nambari aliyosajiliwa nayo, zilikuwa sawa. Alafu nikafikiri labda mwajiri alituma sehemu ya mfanyakazi tu bila kuongeza yake, lakini hiyo ingekuwa 1,680. Nikaiangalia hiyo 960 vizuri. 960 ni 480 mara mbili. Maana yake Tier I imeingia yote, yake na ya mwajiri, sawasawa kabisa. Kinachokosekana ni Tier II peke yake, 1,200 yake na 1,200 ya mwajiri, jumla 2,400. Mtu anayeiba ama anayechelewa haibi kwa mpangilio safi hivyo.

Hapo nikajua pa kuuliza. Ile sheria ya 2013 inasema Tier I lazima iende NSSF, hakuna mjadala. Lakini Tier II mwajiri anaweza kuomba ruhusa aipeleke kwa skimu ya pensheni ya kibinafsi badala ya NSSF. Ruhusa hiyo inatolewa na RBA, ile mamlaka inayosimamia mambo ya pensheni, na skimu yenyewe lazima iwe imesajiliwa huko na itimize masharti, isiwe chini ya kile NSSF ingetoa. Kampuni kubwa huwa na skimu zao, na kampuni za kadri hujiunga kwa skimu moja ya pamoja inayobeba waajiri wengi. Na wengi wao wakibadilisha hivyo, peslipu inabaki imeandikwa "NSSF Tier II" vilevile, juu programu ya mishahara imepangwa hivyo na hakuna mtu amekumbuka kubadilisha jina la mstari. Kwa hiyo karatasi inasema NSSF na pesa iko mahali pengine kabisa, kihalali, na mwenye pesa hajui.

Nilimwandikia maneno ya kwenda kuuliza, na nayaweka hapa kwa sababu venye unauliza kuna maana. Hakuenda kusema "pesa yangu iko wapi". Alienda kwa karani wa mishahara, mama mmoja mtu mzima, akasema, "Shikamoo mama. Nimeangalia NSSF nimeona Tier I imeingia, asante. Naomba kujua kama Tier II yetu inaenda NSSF ama iko kwa skimu nyingine, na kama ni skimu nyingine naomba jina lake na nambari yangu ya uanachama." Yule mama akamwangalia akamwambia kwa miaka yote amekaa hapo ni watu wawili tu wamewahi kumuuliza hivyo. Akafungua faili. Kampuni ilikuwa imetoa Tier II kwa NSSF na kuipeleka kwa skimu ya pamoja, na wafanyakazi wapya walifaa kupewa fomu ya kujiandikisha na kuandika wategemezi, ila ya kijana ilikuwa bado iko kwa droo, haijajazwa. Pesa yake ya Mei ilikuwa imetumwa kwa skimu kwa jina na nambari ya kitambulisho, lakini bila ile fomu alikuwa hana nambari ya uanachama wala hakuna mtu ameandikwa kuwa mrithi wake.

Hili la fomu kwa droo mimi ndilo lililonikasirisha kuliko yote, na nasema hivyo nikiwa mtu wa kazi hiyohiyo. Pesa ilikuwa salama. Lakini fikiria huyo kijana angepata ajali ya pikipiki pale barabara ya Njoro mwezi wa sita. NSSF wangejua 960. Hiyo ingine, dadangu angejua aje iko? Hakuna mtu Mumias angejua kuna skimu, jina lake, wala pa kuanzia. Baba angeenda na cheti cha kifo NSSF, apewe ile ya Tier I, ashukuru, aende nyumbani. Na hiyo ingine ingebaki huko. Nimeona familia zikikaa hivyo miaka.

Alijaza fomu siku hiyo hiyo. Akaandika mamake na dadake mdogo, na asilimia ya kila mmoja. Baada ya wiki tatu hivi akapata nambari, na mwezi wa saba akaweza kuona kwenye skimu michango miwili ya 2,400, ya Mei na ya Juni. Ukijumlisha na 960 za NSSF mara mbili, inafika 6,720, ambayo ni 3,360 mara mbili. Ilikuwa imekamilika hadi shilingi ya mwisho. Alinitumia picha mbili pamoja, moja ya NSSF na moja ya skimu, bila maneno.

Kutoka hapo maswali yake yakabadilika. Akataka kujua sasa hizo pesa zikishafika zinafanya nini. Kwa NSSF, zinawekezwa, sehemu kubwa ni hati za dhamana za serikali, yaani serikali inakopa na kulipa riba, zingine ni hisa za kampuni kwa soko la hisa la Nairobi, na majumba. Mwaka wao wa hesabu unaisha Juni 30, alafu wadhamini wanatangaza riba ya mwaka na inaongezwa kwa akaunti ya kila mwanachama. Kwa hivyo ukiangalia mwezi hadi mwezi unaona michango tu, ile riba unaiona mara moja kwa mwaka, usishtuke. Nikamwambia pia kitu anachoweza kukiona kwa macho yake, ile barabara ya Rironi hadi Mau Summit inayopita hapa Nakuru, ambayo upanuzi wake ulizinduliwa mwisho wa 2025, NSSF iko ndani yake kama mwekezaji pamoja na kampuni ya Kichina, CRBC, na itakuwa barabara ya kulipia, na ile faida ndiyo wanatarajia irudi kwa mfuko. Watu wana maoni tofauti juu ya hiyo, wengine wanaona ni hatari pesa ya uzeeni kufungwa kwa lami miaka mingi, na mimi naona ni haki ya kila mwanachama kuuliza faida yake inakuja lini. Lakini alipenda kujua ni pesa kama yake.

Skimu ya kibinafsi inafanana kwa njia nyingi. Kuna wadhamini, kuna meneja wa uwekezaji, na kuna benki inayoshikilia mali yenyewe, na hao ni watu tofauti makusudi ili mwajiri asiweze kuingiza mkono. Kila mwaka wanafaa kukupa taarifa ya akaunti yako. Kama umeshakaa mwaka mzima na hujapewa, uliza.

Swali lililofuata ndilo kila kijana huuliza, nikiacha kazi mwaka ujao nipewe? Nikamwambia ukweli, hapana. Tier I na Tier II zote zimefungwa hadi uzeeni, umri wa kustaafu ni 60, na ukiwa umeacha kazi kabisa unaweza kuomba kuanzia 50. Zaidi ya hapo ni ukipata ulemavu wa kukuzuia kufanya kazi, ukihama nchi moja kwa moja, ama ukifa ndio wanapewa uliowaandika. Hiyo ya Tier II kwenda kwa skimu ya kibinafsi haiilegezi, watu hudhani ikiwa huko wataitoa wakibadilisha kazi, kumbe inaweza tu kuhamishwa iende kwa skimu ya mwajiri mpya ama ikae. Alikuwa na miaka 22. Miaka 60 kwake ni mbali kama mwezi. Hakufurahi na sikujaribu kumfurahisha. Nilimwambia tu akienda kazi nyingine abebe karatasi mbili, nambari yake ya NSSF na nambari ya skimu, kwa sababu NSSF itamfuata kwa kitambulisho lakini skimu ya zamani haitamtafuta.

Kuna rafiki yake wa stoo, ameajiriwa kitambo, ambaye baada ya kusikia haya yote aliangalia akaunti yake pia. Yake ya kampuni hii ilikuwa sawa. Lakini kampuni aliyofanyia kazi kabla, huko Kisumu, ilikuwa inamkata kila mwezi na kwa NSSF kulikuwa na miezi saba mfululizo hakuna hata Tier I. Hiyo sasa ndiyo picha ya kutopelekewa. Tofauti na ya kijana wetu iko wazi ukiziweka kando kwa kando. Tier I ikiingia na Tier II haipo, uliza skimu. Zote mbili hazipo na tarehe 9 imepita kitambo na miezi inafuatana, hapo kuna shida ya kweli, na kumkata mfanyakazi bila kupeleka ni kosa kisheria na mwajiri anatozwa faini juu ya deni. Lakini ili ofisi ya NSSF imfuate mwajiri wanahitaji kitu cha kushika, na huyo jamaa alikuwa ametupa peslipu zote, alibaki na meseji za benki zinazoonyesha mshahara ulioingia tu, ambazo hazisemi alikatwa nini. Alipeleka hivyo hivyo, na barua yake ya kuajiriwa, na wakaanza kufuatilia. Alivyoniambia mara ya mwisho miezi mitatu ilikuwa imelipwa na minne bado.

Tangu hapo kijana wetu anapiga picha kila peslipu na kuiweka kwa barua pepe yake mwenyewe, si ya kazi, juu ya kazi wataifunga siku anaondoka.

Mzunguko wa tatu ulikuja Februari mwaka huu, 2026, na ndio ulinifanya niketi niandike. Redio ilikuwa inasema NSSF imepanda tena, kazini kila mtu analalamika, na mimi nikangoja simu yake. Vikomo vilikuwa vimepanda kweli, cha chini kutoka 8,000 hadi 9,000 na cha juu kutoka 72,000 hadi 108,000. Ikafika mwisho wa mwezi, hajapiga. Nikampigia mimi.

"Anti, yangu haijapanda," akasema. "Nilipiga hesabu kabla walipe. Mimi niko chini ya kikomo cha juu tangu zamani, kwa hiyo ni 1,680 ile ile. Imebadilika mgawanyo tu, Tier I imekuwa 540 na Tier II imekuwa 1,140. Mwenye anakatwa zaidi ni yule anapata zaidi ya 72,000. Nimewaeleza watu wa stoo wote leo wakati wa chai."

Nikamuuliza, na kwa NSSF itaonekana ngapi?

"1,080. Nitaangalia tarehe 20."